Mzigo Unachelewa Kila Mara: Kuvumilia na Kudai Fidia, Kutoa Ilani, au Kusitisha Mkataba?

Mfanyabiashara mmoja wa Morogoro, mama anayeuza vyakula kwa jumla na rejareja, alifika ofisini kwangu akiwa na mkoba uliojaa karatasi, akaomba maoni ya kisheria kwa maandishi kuhusu msambazaji wake wa unga wa ngano. Alianza kwa kusema, "Wakili, mimi nimechoka, naomba uniandikie barua ya kuvunja huu mkataba kesho asubuhi." Nilimjibu, "Mama, barua naweza kuiandika leo hii, lakini kwanza tuone kama sheria itakuwa upande wako ukishaituma." Maoni niliyomwandikia yalilinganisha njia tatu, na kwa ruhusa yake nayaeleza hapa bila jina lake wala la msambazaji, kwa kuwa wafanyabiashara wengi wadogo hukwama mahali palepale alipokwama yeye.

Mkataba wao ulikuwa wa ukurasa mmoja, uliosainiwa na pande zote mbili. Msambazaji alitakiwa kuleta viroba 80 vya kilo 25 kila Jumatatu kabla ya saa sita mchana kwa wiki 26, kwa bei ya shilingi 38,000 kwa kiroba, na mama alitakiwa kulipia kila mzigo ndani ya siku saba tangu aupokee. Kila mzigo ulikuwa na thamani ya shilingi 3,040,000. Hadi siku aliyonijia, wiki 14 zilikuwa zimepita na mizigo sita ilikuwa imechelewa, ucheleweshaji mfupi zaidi ukiwa wa siku mbili na mrefu zaidi wa siku sita. Sababu alizopewa zilikuwa zilezile: gari limeharibika, dereva anaumwa, kinu kilikuwa na foleni. Mkataba haukuwa na kifungu chochote kinachosema nini kitatokea mzigo ukichelewa.

## Vigezo vya kulinganisha

Nilizipima njia zote tatu kwa maswali yaleyale matano. La kwanza ni msingi wa kisheria, yaani sheria inampa mnunuzi haki gani hasa katika njia hiyo. La pili ni ushahidi anaotakiwa kuwa nao mkononi. La tatu ni fedha, yaani anachoweza kupata na kinachomgharimu kukipata. La nne ni hatari ya njia yenyewe kumgeukia. La tano ni aina ya mfanyabiashara anayefaa kuichagua. Sheria ninazozitumia ni mbili za Tanzania Bara: Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Msomaji aliyeko Kenya azingatie kwamba kwao sheria ya mikataba haikuandikwa kwa vifungu vilivyotoholewa kutoka India kama ya kwetu, bali hufuata kanuni za Uingereza, hivyo namba za vifungu nitakazozitaja hazitamfaa hata pale ambapo matokeo yanafanana.

## Swali linalotangulia: je, muda ulikuwa kiini cha mkataba?

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Mikataba ndicho kinachobeba shauri lote la aina hii, na kina sehemu tatu ambazo mfanyabiashara anapaswa kuzielewa kabla hajachagua njia yoyote. Sehemu ya kwanza inasema kwamba kama pande zote zilikusudia muda uwe kiini cha mkataba, yaani sharti lake la msingi, anayecheleweshewa ana hiari ya kuutengua mkataba, au ile sehemu yake ambayo haijatekelezwa. Sehemu ya pili inasema kwamba kama muda haukuwa kiini, hawezi kuutengua, ila anastahili fidia kwa hasara aliyoipata. Sehemu ya tatu ndiyo inayowaumiza wengi: mtu aliyekuwa na hiari ya kutengua, lakini akapokea utekelezaji uliochelewa, hawezi tena kudai fidia ya ucheleweshaji huo isipokuwa kama wakati wa kupokea alitoa taarifa kwamba anakusudia kudai.

Katika mauzo ya kibiashara, mahakama kwa kawaida huanza na dhana kwamba muda wa kufikisha mzigo ni jambo la msingi, na mkataba unaotaja siku na saa, kama huu wa Jumatatu kabla ya saa sita, unaitia nguvu dhana hiyo. Muda wa kulipa ni tofauti: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inauchukulia kuwa si kiini, isipokuwa kama mkataba unaonyesha kusudio jingine.

Kwa hiyo mama alianza akiwa na nguvu. Nguvu hiyo ilipungua nilipofungua bahasha ya hati za mizigo, zile ambazo madereva huziita delivari. Hati sita za mizigo iliyochelewa zilikuwa na saini yake na neno moja tu, "Imepokelewa." Nne kati yake hazikuwa hata na tarehe. Hakukuwa na ujumbe wowote wa siku hizo unaosema kwamba anapokea kwa kulalamika. Alinieleza kwamba alimlalamikia dereva kwa mdomo kila mara, nami ninamwamini, lakini dereva hatakuja mahakamani kumsaidia mnunuzi wa tajiri yake. Mnunuzi anayepokea mzigo wa Alhamisi mara sita bila kuandika neno anampa msambazaji hoja kwamba Jumatatu ilikwisha kuachwa, na kwamba pande zote mbili zimekubaliana kwa vitendo kuwa "ukifika, umefika."

Ndiyo maana, kabla ya kuzungumzia njia, nilimwandikia sentensi moja ya kuandika kwa mkono kwenye nakala zote za hati, ikiwa ni pamoja na ile anayorudi nayo dereva, kila mzigo utakapochelewa: "Nimepokea viroba 80 leo Alhamisi, tarehe fulani, saa fulani, mzigo ulipaswa kufika Jumatatu, napokea bila kuacha haki yangu ya kudai fidia ya ucheleweshaji." Kisha aipige picha na kuituma kwa msambazaji siku hiyohiyo. Kama muda haukuwa kiini, sheria haimlazimishi kutoa taarifa hiyo, lakini hakuna anayejua mapema hakimu ataamua vipi juu ya swali hilo, na kuandika kunamlinda katika hali zote mbili.

## Njia ya kwanza: kuendelea na mkataba na kudai fidia kwa kila ucheleweshaji

Msingi wa kisheria. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara inayotokana kwa kawaida na uvunjaji huo, au ambayo pande zote zilijua, wakati zinaingia mkataba, kwamba huenda ikatokea. Hasara ya mbali haifidiwi. Pia hakimu hutazama kama aliyeumia alitumia njia zilizokuwepo za kujipunguzia hasara.

Ushahidi. Hapa ndipo tulipotumia saa mbili mezani, na nadhani ndipo wengi wanapopoteza fedha zao. Mama aliniambia hasara yake ni "zaidi ya milioni mbili." Tuliandika kila kipengele kwenye karatasi. Katika wiki mbili kati ya zile sita aliishiwa kabisa, akanunua unga kwa mwenzake sokoni kwa shilingi 41,500 kwa kiroba: mara ya kwanza viroba 40, mara ya pili viroba 30. Tofauti ya bei ni shilingi 3,500 kwa kiroba, yaani 140,000 na 105,000. Usafiri wa guta ulikuwa 35,000 na 25,000. Jumla ni shilingi 305,000.

Viroba 40 vilikuwa na risiti ya EFD. Vile 30 havikuwa na risiti, ila kwenye simu yake tulikuta ujumbe wa malipo wa shilingi 1,245,000, kiasi kinacholingana kabisa na viroba 30 kwa bei ile, na tarehe yake ilikuwa Jumanne baada ya Jumatatu ambayo mzigo haukufika. Ujumbe wa aina hiyo unakubalika kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mradi uhalisi wake uthibitishwe, hivyo nilimwagiza asiufute na asibadilishe simu kabla hatujautoa nakala kwa utaratibu.

Zile wiki nne nyingine hakununua kwingine, kwa sababu bado alikuwa na akiba stoo. Alikasirika, ndiyo, lakini hakupoteza mauzo yanayoweza kuonyeshwa, na fidia ya mkataba hailipi hasira.

Kilichobaki kilikuwa mwoka mikate aliyekuwa akichukua viroba 20 kwa wiki, ambaye katika wiki ya 11 alihamia duka jingine. Faida ya mama kwake ilikuwa kama shilingi 2,000 kwa kiroba, sawa na 40,000 kwa wiki. Mama alinisikilizisha kwa matumaini ujumbe wa sauti wa WhatsApp aliomtumia msambazaji akimwambia, "Nina mtu wa mikate hapa, nikikosa unga Jumatatu naye ananikimbia." Ulikuwa ujumbe mzuri na wa wazi. Tatizo ni kwamba ulitumwa wiki ya tano. Kifungu cha 73 kinatazama walichojua wakati wa kuingia mkataba, wala si walichoambiwa baadaye. Msambazaji wa jumla anaweza kutarajia kwamba mnunuzi wake atauza tena, lakini kupotea moja kwa moja kwa mteja maalumu ni hasara ambayo hakuwa ameibeba siku ya kusaini. Nilimshauri asiijengee matumaini.

Fedha. Dai halisi, kwa hiyo, lilikuwa 305,000, na hata hilo lingekabiliwa na hoja ya kifungu cha 55 kuhusu kupokea kimya. Kwa kiasi hicho kufungua shauri peke yake hakuna maana. Hata hivyo, ipo njia nyepesi zaidi: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamruhusu mnunuzi aliyepokea mzigo licha ya uvunjaji wa sharti kutumia uvunjaji huo kupunguza bei anayodaiwa. Wakati huo mama alikuwa anadaiwa mizigo miwili, shilingi 6,080,000, na alikusudia kuizuia yote "mpaka wajirekebishe." Hilo nilimkataza kwa msisitizo. Kuzuia milioni sita kwa hasara ya laki tatu kunamfanya yeye kuwa mvunja mkataba. Alipe 5,775,000, azuie 305,000, na aambatanishe barua yenye hesabu na vielelezo.

Hatari. Njia hii haimzuii msambazaji kuchelewa tena. Na kuna jambo ambalo mama hakulitaja mpaka nilipomuuliza: yeye mwenyewe alichelewa kulipa mara tatu. Msambazaji anaweza kusema kwamba hakupakia kwa sababu hakuwa amelipwa. Kwa kuwa muda wa malipo si kiini, kuchelewa huko hakufuti haki zake, lakini kama tarehe za malipo yake yaliyochelewa zinagusana na tarehe za mizigo iliyochelewa, dai linadhoofika sana. Tulizilinganisha, moja kati ya tatu iligusana. Kwa bahati, haikuwa kati ya zile wiki mbili alizonunua kwingine.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye msambazaji ambaye bei yake ni nzuri, ucheleweshaji wake ni wa hapa na pale, na hasara inaweza kuhesabiwa kwa risiti.

## Njia ya pili: kutoa ilani na kuandika makubaliano ya nyongeza

Msingi wa kisheria. Mtu aliyelegeza muda kwa vitendo anaweza kuurudisha kwa kutoa ilani yenye muda wa kutosha. Kesi inayotajwa sana ni ya Uingereza ya mwaka 1950, Charles Rickards dhidi ya Oppenheim, ambayo kwetu hutumika kushawishi tu. Mnunuzi alikuwa ameagiza gari litengenezewe bodi, siku iliyokubaliwa ikapita, naye akaendelea kuwasihi mafundi wamalize. Kwa kuwasihi hivyo alikuwa ameiacha ile siku ya mwanzo. Mwishoni mwa Juni mwaka 1948 aliandika kwamba lisipokuwa tayari ifikapo tarehe 25 Julai hatalipokea. Halikuwa tayari, na mahakama ikaamua kwamba alikuwa na haki ya kulikataa. Uvumilivu wake wa mwanzo haukumfunga milele; ulimtaka tu atoe taarifa ya kutosha kabla ya kuuondoa.

Kwa mzigo wa kila wiki, niliona wiki mbili ni muda wa kutosha. Ilani niliyomwandalia ilitaja mizigo sita kwa tarehe, ikasema kwamba kuipokea kwake hakukuwa kubadilisha mkataba, na kwamba kuanzia Jumatatu ya tatu tangu siku ya ilani, kufikisha mzigo kabla ya saa sita ni sharti la msingi ambalo likivunjwa atakuwa na hiari ya kukataa mzigo huo na kuusitisha mkataba.

Ilani ni tendo la upande mmoja, na haiwezi kuongeza masharti mapya. Makubaliano ya nyongeza ndiyo yanayoweza, kwa kuwa yanasainiwa na wote. Ndani yake nilipendekeza mambo matatu. Kwanza, fidia iliyokadiriwa mapema ya asilimia 2 ya thamani ya viroba vilivyochelewa kwa kila siku, isiyozidi asilimia 10. Kwa mzigo mzima hiyo ni shilingi 60,800 kwa siku, na ukomo wake ni 304,000. Pili, msambazaji akiri kwamba anafahamu kuwa mama ana wateja wa kudumu wa mikate wanaotegemea mzigo wa Jumatatu. Sentensi hiyo inafanya kazi ambayo ule ujumbe wa sauti ulishindwa kuifanya, kwa sababu sasa ufahamu unaingia siku ya makubaliano yenyewe. Tatu, mama naye atoe kitu: alipe ndani ya siku tatu badala ya saba. Msambazaji mdogo huchelewa mara nyingi kwa kukosa fedha ya mafuta na ya kinu, na kumlipa mapema kunaweza kuondoa chanzo chenyewe.

Ushahidi. Ni mwepesi. Inatosha kuthibitisha kwamba ilani ilimfikia, kwa saini ya mpokeaji kwenye nakala au kwa ujumbe uliojibiwa. Kuhusu fidia iliyokadiriwa, kifungu cha 74 kinampa aliyevunjiwa fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi kilichotajwa, hata kama hakuthibitisha hasara halisi. Neno la kuzingatia ni "ya kuridhisha." Kiasi kilichoandikwa ni ukomo, si hundi, na anayeandika asilimia 10 kwa siku ili kumtisha mwenzake asishangae hakimu akiipunguza.

Fedha. Gharama yake ni barua na kikao kimoja. Haileti fedha za nyuma, isipokuwa kama 305,000 itaingizwa kwenye mazungumzo na kuandikwa kama punguzo la bei ya mzigo ujao.

Hatari. Ilani ni ahadi pia. Mtu akiitoa, kisha mzigo ukachelewa na akaupokea tena kwa "Imepokelewa" tupu, amejirudisha mwanzo na ilani ya pili haitaaminika kama ya kwanza. Hatari ya pili ni kwamba msambazaji mwenye wateja wengi anaweza kuichukia ilani na kumweka mama mwisho wa foleni.

Inamfaa nani. Inamfaa aliyepokea kimya mara nyingi na sasa anataka kurudisha haki zake, ambaye bado ana wiki za kutosha mbele na hana msambazaji mwingine wa kumkimbilia kesho.

## Njia ya tatu: kusitisha mkataba na kudai tofauti

Msingi wa kisheria. Mkataba wa mizigo inayoletwa kwa awamu na kulipiwa kila mmoja una kanuni yake katika Sheria ya Mauzo ya Bidhaa: kasoro ya awamu moja au zaidi inaweza kuwa uvunjaji wa mkataba mzima, au uvunjaji unaodaiwa fidia tu, ikitegemea masharti na mazingira ya kila shauri. Kipimo maarufu kinatoka katika kesi ya Maple Flock ya mwaka 1934 huko Uingereza, na kina maswali mawili: awamu zilizoharibika ni sehemu kubwa kiasi gani ya mkataba wote, na kuna uwezekano gani wa kosa kurudiwa. Katika kesi hiyo shehena moja tu yenye kasoro kati ya nyingi haikutosha kuuvunja mkataba. Kwa mama, sita kati ya 14 ni picha tofauti kabisa, na uwezekano wa kurudiwa hauhitaji kubashiriwa, kwa kuwa umekwisha kuonekana. Kama si ule ukimya wa hati sita, ningesema njia hii ilikuwa wazi. Anayesitisha kwa haki hubaki na dai lake la fidia chini ya kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikataba.

Ushahidi. Unatakiwa kuwa mzito: mkataba, hati zenye tarehe, malalamiko ya maandishi, na barua ya kusitisha iliyomfikia msambazaji. Kuacha tu kupokea simu au kumwambia dereva "msilete tena" si kusitisha kwa namna itakayosimama mahakamani.

Fedha. Fidia ya kutofikishiwa mzigo ni tofauti kati ya bei ya mkataba na bei ya soko siku mzigo ulipopaswa kufika. Wiki 12 zilizobaki ni viroba 960. Mama alizidisha haraka kwa 3,500 akapata 3,360,000, na macho yakang'aa. Lakini 41,500 ilikuwa bei ya mtu aliyeishiwa, anayenunua kidogo kwa dharura. Msambazaji mwingine alikuwa tayari kumpa oda ya kudumu kwa 39,500, na hiyo ndiyo karibu zaidi na bei ya soko kwa mnunuzi wa kiwango chake. Tofauti ni 1,500, na kwa viroba 960 ni shilingi 1,440,000. Akikataa bei hiyo na kuendelea kununua kwa dharura, ziada itakuwa mzigo wake mwenyewe.

Deni la kimkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linaweza kupelekwa mahakama ya mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili na kwa gharama ndogo. Ukomo wa kufungua dai la mkataba ni miaka sita, hivyo hakuna sababu ya kusitisha leo kwa hofu kwamba haki ya kudai itakwisha kesho.

Hatari. Hii ndiyo njia yenye hatari kubwa kuliko zote. Hakimu akiona kwamba muda ulikwisha kulegezwa, barua ya kusitisha inageuka kuwa uvunjaji wa mkataba wa mama mwenyewe, na msambazaji ndiye anayedai faida aliyoikosa kwenye viroba 960. Pia deni la 6,080,000 halifutiki kwa kusitisha. Unga alikwisha kuupokea na kuuuza. Atakayesitisha huku akidaiwa afunge hesabu hiyo kwanza, la sivyo shauri la kwanza kufunguliwa litakuwa la msambazaji.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye malalamiko ya maandishi tangu mwanzo, au aliyekwisha kutoa ilani ikapuuzwa, na ambaye amekwisha kupata msambazaji mbadala kwa bei iliyoandikwa.

## Uchague ipi, kwa hali yako

Kama hati zako za kupokelea ni tupu kama za mama huyu, njia ya tatu isubiri. Anza na ilani, na kama ikipuuzwa hata mara moja baada ya wiki ulizotoa, kataa mzigo huo langoni na usitishe kwa barua siku hiyohiyo, ukiwa na msimamo imara kuliko ulivyokuwa kabla yake. Huo ndio ushauri niliompa, nao ulihusu hali yake na si ya kila mtu.

Kama umekuwa ukiandika malalamiko kila mara, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, na zaidi ya theluthi ya mizigo imechelewa, huhitaji kupitia ilani kwa lazima. Pima tu kama una mbadala na kama deni lako limelipwa, kisha usitishe.

Kama mzigo umechelewa mara moja au mbili katika miezi mingi, na bei ya msambazaji ni nafuu kwa zaidi ya ile hasara, baki naye. Andika sentensi ya kuhifadhi haki kwenye hati, hesabu hasara kwa risiti, uipunguze kwenye malipo kwa barua.

Kama umemlipa msambazaji fedha ya awali ambayo bado haijaletewa mzigo, usitangulize barua ya kusitisha. Tumia kwanza ilani inayotaka mzigo au fedha kwa tarehe maalumu, kwa sababu fedha ikiwa mkononi mwake, muda unamnufaisha yeye.

Na kama biashara yako ni ya msimu, kwa mfano sare za shule za Januari au tende na unga wa mwezi wa Ramadhani, usisubiri hakimu aamue kama muda ulikuwa kiini. Andika jambo hilo kwenye oda yenyewe kabla ya kulipa chochote: taja tarehe, taja kwamba mzigo ukifika baada ya hapo utakataliwa, na taja sababu, yaani kwamba baada ya siku hiyo wateja hawapo. Oda ya namna hiyo ikivunjwa, unaweza kusimama kwenye njia ya tatu kuanzia siku ya kwanza, mradi lori likifika siku tatu baadaye usisaini hati yake kwa neno "Imepokelewa."